Jumla zililingana, nami nikalizwa

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayefanya ukaguzi wa ndani kwa muuzaji wa vipodozi mtandaoni aliniandikia: "Dada, leja ya mauzo ukitoa makato ya lango la malipo inalingana na benki mpaka shilingi ya mwisho. Nisaini?" Nikamjibu kwa neno moja: usisaini. Baadaye nikaona nimemkatia kauli bila kumweleza sababu. Sababu yenyewe inaniuma bado, lakini leo naitoa.

Nilikuwa nakagua hesabu za muuzaji wa viatu hapa Dar. Stoo iko Kariakoo, oda zote zinaingia kwa tovuti, na wateja wanalipa kwa kadi. Fedha ya mteja haiendi moja kwa moja kwa muuzaji. Lango la malipo linaipokea, linakaa nayo siku mbili za kazi, kisha linakusanya malipo ya siku nzima, linakata ada yake na kutuma fungu moja benki. Kwenye taarifa ya benki unaona mstari mmoja tu, kumbe nyuma yake kuna oda ishirini na kitu.

Mhasibu wa pale alikuwa na njia yake. Aliingiza mauzo kwenye leja kutoka kwenye oda, akajumlisha fedha zilizoingia benki mwezi huo, na tofauti akaiandika "makato ya lango". Machi ilisomeka hivi: mauzo Sh 48,600,000, benki Sh 46,250,000, makato Sh 2,350,000. Safi kabisa. Nikaweka tiki, nikasaini, nikanywa chai ya mama mwenye duka. Sikujiuliza kwamba hesabu ya namna hiyo haina jinsi ya kukataa kulingana. Hata fedha ingeliwa nusu, makato yangepanda tu na karatasi ingebaki safi vilevile.

Miezi mitano baadaye mama akanipigia. Alikuwa amehesabu stoo mwenyewe, na jozi za mtindo wake unaouzika zaidi hazikutosha. "Wewe si ndiye uliyesaini?" Sikuwa na jibu. Nikaomba nirudi, bila malipo, na safari hii nikaanza pale nilipopaswa kuanza tangu mwanzo: mkataba wa lango. Ada ni asilimia 3 ya kila muamala, nukta. Asilimia 3 ya Sh 48,600,000 ni Sh 1,458,000. Makato yaliyoandikwa yalikuwa karibu asilimia 4.8. Ningeipiga hesabu hiyo kwenye simu siku ile ile, nisingekuwa naandika haya.

Zikabaki Sh 892,000 za kuelezwa. Sehemu yake ilikuwa halali, ni suala la muda tu. Mauzo ya siku za mwisho za Machi, Sh 1,200,000, yaliingia benki Aprili. Baada ya ada ni Sh 1,164,000. Upande wa pili, mauzo ya mwisho wa Februari ya Sh 800,000 yaliingia benki Machi kama Sh 776,000. Tofauti ya hizo mbili ni Sh 388,000. Fedha kama hizo ziko njiani, na zinatakiwa zikae kwenye akaunti yake ya kusubiri kwenye leja, si kumezwa na makato. Ukizikuta kwenye akaunti hiyo, usiridhike kuziona tu. Fungua taarifa ya benki ya mwezi unaofuata uhakikishe kila fungu limefika. Fedha iliyo "njiani" kwa wiki tatu haiko njiani.

Hapo zikabaki Sh 504,000 ambazo hazikuwa ada wala hazikuwa njiani. Nikaomba ripoti ya lango yenye kila muamala, si ile ya muhtasari. Nilipanga mafungu, nikachukua namba ya kila fungu, nikajumlisha miamala iliyomo, nikatoa ada, nikatafuta kiasi hicho hicho benki. Kazi hii inachosha na sitaisimulia yote. Mafungu saba yalikuwa na mstari wenye alama ya kutoa: marejesho kwa mteja, Sh 72,000 kila mmoja, bei ya jozi moja ya ule mtindo. Saba mara 72,000 ni 504,000.

Marejesho si dhambi, mteja akirudisha kiatu anarudishiwa fedha yake. Ila lango halitumi bili ya marejesho. Linayakata kimyakimya kwenye fungu linalofuata. Leja ya mauzo haikuwa na rejesho hata moja. Nikaenda kwenye daftari la stoo la bidhaa zilizorudi: Machi zilirudi jozi mbili. Zile tano viatu vilikwenda na fedha ikarudi. Nikaangalia tarakimu nne za mwisho za kadi. Marejesho matano, kadi mbili. Yote yalifanywa baada ya saa tatu usiku kwa nywila ya mama, ambayo kijana wa huduma kwa wateja alikuwa nayo "kwa urahisi wa kazi". Waliokuwa wakiagiza walikuwa watu wake. Ripoti ya benki peke yake isingekuonyesha hilo, wala leja peke yake. Ripoti ya lango ingekuonyesha marejesho, lakini bila daftari la stoo ungeyaona ya kawaida.

Nami sikutoka safi hata hapo. Nilipotafuta miamala iliyoandikwa mara mbili nilitumia `COUNTIF`, ikaniletea miamala thelathini na kitu "inayojirudia". Nilikuwa tayari nimemwita mhasibu, jasho linamtoka maskini. Kumbe namba za miamala za lango lile zina tarakimu 18, na Eksel inashika tarakimu 15 tu za namba. `COUNTIF` inazisoma kama namba hata ukiziandika kama maandishi, basi zinazotofautiana mwishoni tu inazihesabu kuwa moja. Ingiza safu hiyo kama Text wakati wa kuleta faili, usiifungue kwa kuibofya mara mbili, kisha tumia hii:

```
=SUMPRODUCT(--($A$2:$A$700=A2))
```

Nilipoirudia hivyo, hakukuwa na hata mmoja uliojirudia. Nikamwomba radhi mhasibu. Alipokea, lakini chai hakuniletea tena.

Ninachokuambieni wenzangu wa ukaguzi ni hiki: makato hayatafutwi kwa kutoa, yanapigwa hesabu kutoka kwenye mkataba, kisha kinachobaki ndicho unachokagua. Mhasibu akikuambia "tofauti ni ada za lango", mwulize ada ya muamala upi. Akikosa kukuonyesha, usisaini, hata kama mwenye duka anaangalia saa. Mimi niliona aibu kumchelewesha mama wa watu. Mkataba wangu haukuongezwa mwaka uliofuata, na simlaumu, ingawa nilirudi bure siku nne.

Yule msomaji nilimwandikia tena juzi, nikamwambia achukue makato ya mwezi mmoja tu ayagawe kwa mauzo. Jana usiku akajibu: "Dada, mkataba unasema 2.9. Nimepata 4.1. Naomba ripoti ya miamala kesho asubuhi."