Mlango wa zamani wa paneli na ngazi moja ya kutokea

Swali: "Jengo letu ni la mbao, ghorofa mbili, na ngazi ni moja tu, iko katikati. Tumeambiwa tung'oe milango yote ya paneli inayofungukia ngazini, tuweke mipya ya kuzuia moto. Milango hii ndiyo sura ya jengo. Hakuna njia nyingine?"

Jibu: Mara nyingi ipo, ila kwanza pimeni mlango wenyewe. Mbao laini hugeuka mkaa kwa kasi ya takriban milimita 0.7 kwa dakika. Mbao nene zinazoshika paneli za mlango, zenye unene wa milimita 44, zikichomwa upande mmoja kwa dakika 30, hupoteza kama milimita 21, na mlango bado umesimama. Tatizo ni paneli. Katikati utakuta milimita 12, lakini seremala aliichonga ikanywea pembezoni ili iingie kwenye mfereji wake, na pale pengine imebaki 6. Hizo ni dakika nane au tisa, kisha moto uko ngazini.

Kwa hiyo tibuni paneli, na mtibu upande wa chumbani ili upande wa ngazini ubaki kama ulivyo. Kuna bodi nyembamba za kinga zinazovimba kwa joto. Fundi huzikata zikaenea paneli nzima hadi kwenye ile kingo nyembamba, kisha huzibana kwa vipande vya mbao. Chagueni zilizopimwa kwenye milango ya aina hiyo, na mkaguzi aikubali kazi kwa maandishi kabla ya patasi kugusa mlango. Vanishi ya kinga ikipakwa juu ya rangi kuukuu hubanduka nayo, na rangi hiyo ikiwa na madini ya risasi, msiipige msasa mkavu.

Pembeni na juu ya mlango, fundi achimbe mfereji wa utepe unaovimba wenye brashi ya moshi. Brashi ni ya lazima, kwa kuwa moshi hupenya ukiwa bado haujapata joto la kuuvimbisha utepe. Mwanya usizidi milimita 3 au 4, na mlango ujifunge wenyewe.

Halafu pandeni darini. Niliwahi kukagua jengo ambalo milango yake ilitengenezwa vizuri sana, lakini nilipowasha tochi juu ya dari ya chumba, mwanga ulitokea upande wa ngazi: ukuta wa mbao ulikuwa umeishia kwenye dari. Moshi ungepita juu ya milango yote. Tuliziba kwa mikeka ya sufu ya mawe iliyofungwa kwa waya, na hakuna anayeiona.

Vifaa vya kutambua moshi viwe vya kuunganishwa bila waya, msije mkatoboa mbao. Viwekwe ngazini na pia ndani ya kila chumba kinachofungukia ngazini. Mkiviweka ngazini peke yake, king'ora kitalia wakati moshi umeshaingia kwenye njia yenu ya kutokea.