Kufuta hailaiti hakufuti stori: nenda mpaka akaivu

"Nimefuta hailaiti nzima Instagram lakini stori zake bado nazikuta kwenye akaunti. Nazitoaje kabisa? Na kuakaivu posti si sawa na kuifuta?"

Mkuu, hailaiti ni dirisha tu, stori zenyewe zimekaa akaivu. Kila stori ikitimiza saa 24 inahamia huko, kama Save story to archive imewashwa. Hailaiti inazichukua kutoka akaivu na kuzionyesha kwenye wasifu wako. Ukiivunja, dirisha limefungwa, ila picha ziko palepale, na unaziona wewe peke yako.

Mimi nilikuja kulijua hili kupitia mdogo wangu. Nilikuwa nimepiga picha ya meza, na pembeni barua yake ikasomeka, namba ya kitambulisho chake ikiwa wazi kabisa. Aliniomba niitoe, nikafuta hailaiti nzima nikaona kazi imekwisha. Miezi baadaye nikatengeneza hailaiti nyingine, nikawa naweka tiki harakaharaka kwenye stori za zamani, na picha ile ikapanda tena. Aliyeiona kwanza ni yeye. Niliumia sana, kwa sababu nilikuwa nimemhakikishia kwamba haipo.

Safari hii niliingia kwenye wasifu, nikabonyeza mistari mitatu ya juu, nikafungua Archive na kuchagua Stories archive. Nikaitafuta kwa tarehe, nikaifungua, nikagusa More halafu Delete. Ukiifuta hapo, inatoka pia kwenye hailaiti yoyote iliyokuwemo. Ndiyo maana kama una picha moja tu unayoiogopa, huna haja ya kuvunja hailaiti nzima: anzia akaivu.

Hata hapo bado. Ilikwenda Recently deleted, ndani ya Your activity, ambako inakaa hadi siku 30 ikiweza kurudishwa. Stori ambayo haikuwahi kuingia akaivu inakaa humo hadi saa 24 tu. Mimi sikusubiri, niliingia humo nikaifuta mara ya pili. Ukishafanya hivyo huwezi kuirudisha, kwa hiyo kama unaitaka picha, ihifadhi kwenye simu kwanza.

Kwa posti, kuakaivu ni kuificha. Watu hawaioni, ila laiki na komenti zinabaki nayo, na ukigusa Show on profile inarudi mahali pake pa zamani, na tarehe yake ileile. Haina siku ya mwisho, inaweza kukaa humo miaka. Ukiifuta, saa ya siku 30 inaanza kuhesabu, na zikiisha inaondoka na komenti zake zote. Kwa picha uliyoichoka tu, akaivu inatosha. Kwa picha yenye siri ya mtu mwingine, futa, kisha uhakikishe Recently deleted nako haipo. Aliyekwisha kupiga skrinishoti anabaki na nakala yake, hiyo hakuna kitufe cha kuifikia.