Antigoni na Duara la Chaki la Kaukasia: mada ya mradi kuhusu haki, mamlaka na wajibu wa familia

"Wakuu shikamooni. Niko mwaka wa tatu, vitabu vyangu vya mradi ni Antigoni ya Sofoklesi na Duara la Chaki la Kaukasia ya Brecht. Msimamizi anataka mada inayolinganisha haki, mamlaka na wajibu wa familia. Nimempelekea mara mbili, anarudisha akisema 'pana mno'. Mliopita huko nisaidieni."

Marahaba mdogo wangu. Mimi nilifanya mradi kwa vitabu hivyohivyo, na rasimu yangu ya kwanza ilirudi pia. Ilikuwa na sura tatu: ya haki, ya mamlaka, ya familia. Kila sura nusu yake ilikuwa Antigoni, nusu Grusha, mhusika mkuu wa Brecht. Msimamizi wangu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hawa wawili hawajaonana." Nilikaa na maneno yale wiki tatu kabla sijayaelewa. Nilikuwa nimeandika ripoti mbili fupi na kuzifunga kwa gundi.

Kilichonitoa hapo ni kuacha kuyatafuta yale maneno matatu vitabuni na kuuliza swali moja: huyu mtu anayesimama mbele ya mwenye mamlaka, anadai haki kwa msingi gani? Uliza hivyo na vitabu vyote viwili vitaanza kujibizana.

Antigoni anadai kwa damu. Kaka yake Polinike ameuawa langoni mwa Thebe, na mfalme Kreoni ametoa amri maiti yake isizikwe. Antigoni anamzika, anakamatwa, na kuanzia mstari wa 450 anamwambia mfalme kwamba amri ya binadamu haiwezi kufuta sheria za miungu zisizoandikwa. Wanafunzi wengi huishia hapo. Wewe nenda mpaka mistari ya 904 hadi 920, anapopelekwa kufungiwa pangoni. Hapo anasema kwamba angekuwa ni mume au mtoto aliyekufa, asingeivunja amri, kwa sababu mume mwingine hupatikana na mtoto mwingine huzaliwa. Lakini baba na mama wameshazikwa, kaka mwingine hatazaliwa tena. Mistari hii imewasumbua watu karne nyingi. Mshairi Goethe mwaka 1827 alitamani mtaalamu fulani athibitishe kwamba Sofoklesi hakuiandika. Usiikimbie. Antigoni anapiga hesabu ya tumbo la mama yake, na hesabu hiyo inamweka mtoto chini ya kaka.

Sasa mlete Grusha. Kijakazi, mtoto si wake. Mama mzazi, Natella, mke wa gavana, amekimbia maasi akihangaika na magauni, mtoto akasahaulika. Grusha anamnunulia maziwa kwa pesa ya taabu, anavuka naye daraja bovu juu ya korongo, anaolewa na mtu asiyemtaka ili mtoto apate jina. Mahakamani hana damu ya kudai. Anachosema ni kwamba amemlea, amemfundisha kupatana na watu na kufanya kazi kadiri ya uwezo wake. Sisi tuna methali ya jambo hili, kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kesi nzima inazunguka hapo: hakimu Azdak anamweka mtoto ndani ya duara la chaki, wanawake wawili wamvute, na anampa Grusha kwa sababu anakataa kumvuta.

Mada niliyopeleka mara ya pili, na ikapita, ilikuwa hivi: "Damu na malezi kama misingi ya madai ya haki mbele ya mtawala: ulinganisho wa Antigoni na Grusha." Mamlaka yamo, haki imo, familia imo, lakini swali ni moja. Kipimo changu cha mada ni hiki: je, kuna mstari kitabuni unaoweza kuipinga? Ile ya "dhamira ya haki katika..." haipingiki na mstari wowote, ndiyo maana msimamizi wako anaiita pana.

Na hii yangu ilipingwa, tena vizuri. Nilikuwa nimeandika kwa kujiamini kwamba Sofoklesi yuko upande wa damu na Brecht upande wa malezi. Nikamsahau Ismene. Ismene ni dada wa damu kabisa, na Antigoni anapohukumiwa anajitokeza akitaka kufa naye. Antigoni anamkataa. Anamwambia, karibu na mstari wa 543, kwamba hampendi mtu anayependa kwa maneno tu. Kumbe hata kwa Antigoni damu peke yake haitoshi, undugu unathibitishwa kwa tendo, kwa ule udongo alioumwaga kwa mikono yake juu ya maiti. Hapo yeye na Grusha wanakaribiana kuliko nilivyodhani, na sura yangu bora ilizaliwa na kosa hilo. Kwa hiyo ukiona mhusika anaharibu hoja yako, mfungulie sura.

Upande wa mamlaka, angalia mtawala ni nani kwa mdai. Kreoni ni mjomba wa Antigoni na baba wa mchumba wake Haemoni. Kwenye mstari wa 486 anasema waziwazi kwamba hata kama Antigoni ni mtoto wa dada yake, hataponyoka. Baadaye anamwambia Haemoni kwamba anayeongoza vyema nyumba yake ndiye atakayekuwa mwadilifu katika mji. Kwake yeye nyumba ni shule ya utii, na utii huo unamgharimu mwana na mke kwa siku moja. Azdak si ndugu wa mtu yeyote pale mahakamani. Lakini sikiliza mawakili wa Natella: wanaanza kwa kuusifu uchungu wa mama, kisha mmoja anaropoka kwamba mapato ya mashamba ya marehemu gavana yamefungamana na mrithi, yaani mtoto. Damu imegeuka hati ya mali. Ukinukuu sentensi moja tu kutoka onyesho hilo, nukuu hiyo.

Jihadhari usimfanye Azdak malaika. Kiti alipewa na askari, rushwa anapokea, kitabu cha sheria anakikalia. Hukumu yake ni nzuri kwa sababu machafuko yalimweka hapo kwa muda mfupi, na baada ya ngoma ya mwisho anatoweka. Nilipomwita "hakimu mwadilifu" nilipoteza alama, na nilistahili. Hapo pia ndipo penye tofauti ambayo mtahini wako ataiulizia: Kreoni ni mtawala halali anayehukumu vibaya, Azdak ni hakimu wa bahati anayehukumu vizuri.

Jambo la kiufundi. Tafsiri zinatofautiana, kwa hiyo Antigoni inukuu kwa namba ya mstari, si ukurasa, na Brecht kwa onyesho. Usiruke utangulizi wa Brecht ambamo vijiji viwili vya ushirika vinagombea bonde. Matoleo mengine ya jukwaani yameukata, lakini ndio unaoeleza kwa nini mtoto na ardhi vinapimwa kwa mizani moja.

Anza kusoma pale Azdak anapomuuliza Grusha kama hataki mtoto wake awe tajiri. Grusha hajibu, na mwimbaji ndiye anayeimba yaliyo moyoni mwake. Kisha soma hotuba ndefu ya Antigoni anayejieleza mpaka pumzi ya mwisho. Mmoja anasema sana na anafungiwa pangoni, mwingine ananyamaza na anapewa mtoto. Mimi sikuligusa hilo kwenye mradi wangu, muda uliniishia, na ukilitaka lichukue: nani anaruhusiwa kunyamaza mbele ya mwenye mamlaka bado akashinda. Ukiandika pendekezo lake liweke hapa, nitalisoma lote.