Mtoto wa miaka miwili na dawa ya meno ya wakubwa

"Mwanangu ana miaka miwili. Anaweza kutumia dawa ya meno na mswaki wetu wa wakubwa hapa Jinja?"

Dawa anaweza, mama, ila kipimo kibadilike. Tazama namba iliyo mbele ya ppm kwenye boksi. Ya wakubwa nyingi huwa 1450, yaani gramu moja ina miligramu 1.45 za floridi, madini yanayokinga meno yasitoboke. Ukijaza mswaki mzima, ni kama gramu moja, na mtoto wa umri huo humeza sehemu kubwa yake. Akimeza hivyo kila siku, meno ya kudumu yanayojijenga ndani ya fizi yanaweza kuota na madoa meupe. Kwa hiyo mpakie kiasi cha punje moja ya mchele, asubuhi na usiku: hapo kila mara hapati hata miligramu 0.2. Akifikisha miaka mitatu, punje ya njegere. Ya watoto yenye 500 sikushauri, kinga yake dhidi ya kutoboka ni hafifu.

Mswaki wenu, hapana. Mnunulie wa kichwa kidogo, nyuzi laini kabisa. Usugue kwanza juu ya ukucha wako, kwenye ngozi ya pembeni. Ukikuchoma, fizi zake zitaumia. Na mshike mkono wewe mwenyewe.