Kalori za bia ziandikwe wapi?

"Ijumaa nikinywa bia mbili, jumla ya kalori kwenye programu ya simu ninayoandikia chakula inazidi protini, wanga na mafuta nikivijumlisha. Nakosea wapi?"

Hujakosea, ndugu. Pombe yenyewe haimo katika makundi hayo matatu, ila kila gramu yake ina kalori 7.

Chukua chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5. Hiyo ni mililita 25 za pombe, na kwa kuwa pombe ni nyepesi kuliko maji, uzito wake ni kama gramu 20, yaani kalori 140. Ongeza wanga wa bia, tuseme gramu 15, kalori 60. Chupa moja 200, mbili 400. Simu inaona wanga wa kalori 120 tu. Zile 280 ndizo zinazokusumbua.

Mimi huzikata kwenye wanga: 280 gawanya kwa 4, gramu 70. Ni kama gramu 90 za unga mkavu wa posho, kwa hiyo jioni hiyo nakula muchomo na mboga, posho naiacha. Protini usiiguse kabisa.

Waragi ya asilimia 40 haina wanga. Toti ya mililita 30 ni kalori 67 hivi. Lakini ukiichanganya na soda ya mililita 300, sukari peke yake inakaribia kalori 125, na hiyo ndiyo watu wengi husahau kuandika.

Jumamosi asubuhi mizani usiiamini. Pombe hukojoza, unaweza kuonekana umepungua kumbe ni maji.