Mbuzi wakiingia shamba la mtu, faini peke yake haitoshi

Swali: Daktari, mimi mfugaji wa mbuzi huku Yumbe. Wanyama wanaozurura wanamaliza mahindi ya watu na sisi wafugaji wote tunalaumiwa. Nataka kuandikia LC1, baraza la kijiji chetu, barua tuwe na sheria ya pamoja, nimeweka faini elfu 50 kila mnyama. Iko sawa?

Jibu: Haiko sawa ndugu yangu, na kila barua ya namna hii ninayoonyeshwa inakwama hapohapo kwenye faini ya kila kichwa. Mbuzi akila mahindi yenye majani manne, ile sehemu inayochipuza bado iko chini ya udongo, mvua ikipiga mengi yanarudi. Mbuzi huyohuyo akiingia mahindi yakitoa mbelewele, shina alilokata limeenda. Sasa wenye mashamba hawa wawili unawalipa sawa kwa nini? Wa pili ataona ameonewa tu.

Andika hivi: hasara ipimwe siku hiyohiyo, mwenye shamba awepo, mwenye mnyama awepo, na mtu wa LC1, kabla hakujang'olewa kitu. Mashina yahesabiwe, msikisie kwa macho, maana shamba likikanyagwa pembeni mtu anaapa limeisha lote. Mahindi ya sentimita 75 kwa 30, shina moja kila shimo, eka inabeba kama 18,000. Yakifa 900 ni sehemu moja ya ishirini ya eka, na kama eka hiyo huwa inatoa magunia 10, deni ni nusu gunia, kwa bei ya wakati wa mavuno. Yaliyoliwa majani tu mrudi muyaangalie baada ya wiki mbili ndio muamue. Wakikataa kuelewana, korti ya LC inasikiliza kesi za mali kuharibiwa.

Kuhusu kamba, msiandike tu "mbuzi wafungwe msimu wa mvua", kwa sababu muhogo unakaa shambani hata baada ya mahindi kuvunwa, na hapo ndipo watu wanaachilia mbuzi. Wenye muhogo na wenye mbuzi wapatane nani anazungushia uzio. Na watoto wa mbuzi wawekwe kwenye sheria, wengi hawafungwi kabisa.

Kinachonichosha ni hawa wajuaji wa sokoni wanaouza dawa ya wadudu kwenye chupa ya soda, eti mwagia pembeni mwa shamba, mbuzi hatarudi. Kweli harudi, anakufa, na mbwa aliyekula mzoga naye, na kuku. Halafu kuna watu wanamchinja haraka kabla hajakata roho wanagawana nyama! Kupika hakuondoi sumu. Ukiona mnyama anatoa mate mengi, anatetemeka na kupumua kwa shida, mwite daktari wa mifugo, na akifa mzikeni shimo refu na ngozi yake, mbali na kisima.