Ukilinganisha zaka na fungu la kumi, anza na mpokeaji

Nimesahihisha insha nyingi za wanafunzi wa elimu ya dini kuhusu utoaji katika Uislamu na Ukristo. Karibu zote huanza na hesabu: Muislamu hutoa asilimia 2.5, Mkristo asilimia 10, basi Mkristo ndiye mkarimu zaidi. Ukianza hivyo umeshateleza, kwa sababu viwango hivyo havipimi kitu kimoja.

Chukua wauza duka wawili walio jirani, mmoja Muislamu, mwingine Mkristo. Kila mmoja ana akiba na bidhaa za shilingi milioni 10, na faida ya laki 5 kwa mwezi. Zaka hutazama ile milioni 10, mradi imefikia nisabu (thamani ya gramu 85 za dhahabu, kwa hesabu inayotumika sana) na imekaa mwaka mmoja wa Kiislamu. Hapo zaka yake ni shilingi 250,000 kwa mwaka. Jirani yake, kama kanisa lake linafundisha fungu la kumi, maana si yote yanayolidai, hutoa 50,000 kila mwezi kutoka kwenye faida, hata kama hana akiba yoyote. Mmoja anatozwa kwa alichonacho, mwingine kwa anachokipata.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: uliza kwanza fedha zinaishia mikononi mwa nani. Surat At-Tawba aya ya 60 inataja makundi manane, wakiwamo mafakiri, maskini, wenye madeni na msafiri aliyekwama njiani. Orodha hiyo inabana kwelikweli: wanazuoni wengi hawaruhusu zaka kujenga hata msikiti. Fungu la kumi makanisani, kwa upande mwingine, mara nyingi humtunza mchungaji na huduma za kanisa. Mwanafunzi akiishia hapo atasema Ukristo umemsahau maskini, naye atakuwa ameruka Kumbukumbu la Torati 14:28-29, ambako fungu la mwaka wa tatu linawekwa kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Huo ndio mstari unaofaa kuwekwa karibu na aya ya 60.

Utoaji wa hiari nao una jozi yake, na binafsi naona ndiyo tamu kuliko zote. Mathayo 6:3 inataka mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Al-Baqara 271 inakubali sadaka ya wazi, ila inasema ya siri ni bora. Tofauti hiyo ndogo inatosha aya nzima ya insha, hasa ukiisoma pamoja na aya ya 264, inayosema masimango na maudhi hubatilisha sadaka. Siri na masimango vyote vinahusu heshima ya anayepokea, na mtahini hufurahi akiona umeligundua hilo mwenyewe.